Betri ya pikipiki inachemka kama birika, na hii ni ya pili ndani ya miezi mitatu

Kijana wa Konde
Asalam alaykum wakubwa. Nina pikipiki ya Kichina, ile ya injini ya 125, nabeba samaki kutoka Tumbe kwenda Wete kila siku alfajiri, wakati mwengine mara mbili. Betri ni ile ya maji, ya volti 12. Ya kwanza ilikaa wiki tano ikafura ubavuni. Nikarudi dukani, nikaambiwa nimetumia vibaya, nikanunua nyengine. Hii ya pili ina wiki ya sita sasa, na jana nilipofika Wete nikasikia harufu ya mayai viza. Mwanzo nikadhani ni tenga la samaki. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nakuta betri inatoa povu kwenye vifuniko na inasikika chwee chwee kama birika linataka kuchemka. Ukiigusa ubavuni mkono hauvumilii.

Rangi ya fremu chini ya betri imebanduka, na cheni upande ule imeota kutu nyekundu kwa siku chache tu. Fundi wa hapa kijijini kaniambia tindikali imekwisha nguvu, akaijaza nyengine. Ikachemka zaidi.

Jengine, sijui kama linahusika: globu ya taa kubwa imeungua mara tatu tangu Ramadhani. Nifanyeje? Betri ya tatu sina nguvu ya kuinunua.

Bodaboda Mkongwe
Wa alaykum salaam. Kijana, hizo betri za siku hizi ni maganda tu. Ndani risasi hamna. Tafuta betri nzito, ukiinyanyua mkono ushuke. Mimi yangu ina miaka miwili, sijawahi kuifungua. Betri mbovu huchemka, hilo halina mjadala.

Fundi Waya
Usinunue betri, na usiongeze tindikali tena hata tone.

Umetaja mambo manne na yote yananyoosha kidole pamoja: betri inachemka, inachemka safari ndefu na si pikipiki ikiwa imekaa, betri mbili zimekwenda njia moja, na globu zinaungua. Betri mbovu haiunguzi globu. Kinachounguza globu na kuchemsha betri kwa pamoja ni umeme uliozidi, na anayetakiwa kuuzuia ni rektifaya. Ni kile kikasha cha bati chenye mapezi, kwenye pikipiki yako kina waya nne: mweupe, wa njano, mwekundu na wa kijani. Kazi zake ni mbili. Kwanza anageuza umeme unaotoka kwenye koili ili betri iweze kuupokea. Pili anaukaba usivuke kiasi. Kazi ya kwanza ikifa, betri haipati chaji. Ya pili ikifa, betri inapata chaji mpaka inakunywa maji yake yenyewe.

Lakini hayo ni maneno yangu nikiwa Mwanakwerekwe na pikipiki iko Konde. Tafuta mita. Zile ndogo za manjano zinatosha. Uiweke kwenye `DCV`, namba `20`. Waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha betri cha nega, mwekundu kwenye pozi, ushike kwenye kichwa chenyewe cha betri na si kwenye nati wala waya wa pikipiki. Kisha unipe namba tatu:

Ya kwanza, injini imezimwa na pikipiki imelala usiku mzima. Ya pili, injini inawaka kwenye sailensa, resi haijaguswa. Ya tatu, mtu avute resi kiasi cha kama unapanda kilima gia ya tatu, aishike hapo sekunde kumi, na wewe utizame mita, si injini.

Fanya nje, si ukumbini, na asiwepo mwenye sigara. Ile hewa inayotoka kwenye betri inayochemka inalipuka kwa cheche moja tu.

Bi Maalim
Naomba nidandie hapo. Mimi nina skuta, naendea skuli, kutoka nyumbani hadi kazini ni dakika saba. Asubuhi stata inalia "tik" moja tu, halafu kimya. Betri ni mpya. Je, na mimi nina tatizo la rektifaya? Kuchemka haichemki.

Pweza Mkavu
Maalim, yako haina njaa wala shibe, ina usingizi.

Fundi Waya
Bi Maalim, kipimo ni hichi hichi lakini ugonjwa wako ni wa upande wa pili, yako haipati na yake inapata mno. Pima namba tatu hizo hizo, tutakuja kwako.

Kijana wa Konde
Nimeazima mita kwa jamaa anayetengeneza redio. Namba hizi hapa:

Imelala: 14.9
Sailensa: 16.5
Resi: 19.6

Fundi, 19.6! Nimezima haraka haraka. Hii si itaripuka?

Bodaboda Mkongwe
Mmeona? Betri ina 14.9 ikiwa imelala. Betri imejaa kupita kiasi. Nilisema.

Fundi Waya
Subirini kidogo. Namba ya kwanza ndiyo inayonitia wasiwasi, si ya tatu.

Betri ya maji ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kikijaa kinakaa kwenye volti mbili na nukta moja hivi. Sita mara hiyo ni 12.6. Mpya iliyojaa vizuri unaweza kuikuta kwenye 12.8. Ukizima injini dakika hii utasoma 13 na kitu kwa muda, kisha inashuka. Lakini betri iliyolala usiku kucha haiwezi kuwa 14.9, hata uichemshe wiki nzima. Haina pa kuyaweka hayo.

Kwa hiyo anayesema uongo ni mita. Hizi mita za bei ndogo zina betri yao ya volti 9 ndani, na ikichoka, mita haisomi chini kama mtu anavyotarajia, inasoma juu. Fungua mgongo wa mita, weka betri mpya, upime upya. Jamaa yako wa redio naye mwambie, huenda keshahukumu redio za watu.

Kijana wa Konde
Hahaa, nimemwambia, amenyamaza kimya.

Nimeweka betri mpya. Sasa:

Imelala: 12.5
Sailensa: 13.9
Resi: 16.5, na nikiiachia ilikuwa inataka kupanda

Nimerudia mara tatu, ni zile zile.

Fundi Waya
Hapo sasa tuna la kusema. Sailensa 13.9 ni safi, na ndiyo maana fundi wa kijijini hakuona kitu, akiwasha na kutizama anaona mambo mazuri. Ugonjwa uko kwenye resi. Pikipiki nzima ukiipandisha resi, namba inapanda kidogo kisha inagonga dari. Kwa hizi za 125 dari ni kati ya 13.8 na 14.6 hivi. Inagonga hapo, na hata ukizidisha resi haiendi. Yako haina dari.

Ikivuka 15 na kubaki huko, umeme wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kuyapasua maji ndani ya betri yawe hewa. Ndiyo ule mchemko. Haukuchemka kwa moto, umechemka kwa umeme, joto limekuja nyuma yake. Na wewe unatoka Tumbe hadi Wete mfululizo, resi iko juu safari nzima. Mtu anayezunguka Darajani na Michenzani kwa foleni angekaa na rektifaya hii hii mwaka mzima asijue.

Na ile tindikali aliyokuongezea fundi. Kinachopotea betri ikichemka ni maji. Tindikali inabaki ndani, isipokuwa ile inayorushwa na povu. Ukijaza tindikali juu ya tindikali unaifanya kali zaidi, inakula bamba za ndani. Ilitakiwa maji yaliyosafishwa, yale ya chupa ya dukani yaliyoandikwa ya betri. Maji ya kisima yenu ya chumvi usiyajaribu.

Mkaanga Jongoo
Maji ya mvua je? Babu yangu alikuwa anatumia kwenye betri ya lori la karafuu.

Fundi Waya
Ukiyakinga hewani kwenye ndoo ya plastiki, na mvua imeshanyesha muda, yatasaidia kwa shida. Yakipita kwenye bati, hapana. Babu alikuwa anatumia lori la zamani lenye betri kubwa, makosa hayaonekani haraka.

Bodaboda Mkongwe
Mimi nina njia rahisi ya kujua kama chaji ni nzima. Pikipiki ikiwa inawaka, chomoa kichwa kimoja cha betri. Ikiendelea kuwaka, chaji ipo. Ikizima, chaji hamna. Nimefanya miaka ishirini, mita sina na sihitaji.

Fundi Waya
Mkongwe, nakuheshimu, lakini hii usimfundishe kijana. Betri ndiyo inayoulaza umeme wa koili. Ukiichomoa injini ikiwaka, na dari ya rektifaya imeshatoboka kama ya huyu, volti zinaruka juu kwa ghafla na zinakwenda kwenye taa, indiketa, na kwenye pikipiki nyengine zinakwenda hadi kwenye kikasha cha sidiai. Hapo unaacha kununua rektifaya peke yake. Halafu hiyo njia inakuambia chaji ipo au haipo. Haikuambii imezidi, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Bodaboda Mkongwe
Yangu haijawahi kuungua kitu.

Fundi Waya
Kwa sababu rektifaya yako ilikuwa nzima kila ulipofanya. Alhamdulillahi.

Ila nikupe haki yako kwenye lile la mwanzo. Betri mbovu kweli inaweza kuchemka. Chumba kimoja kikifa kwa kugusana ndani, vinabaki vitano, na ile 14.3 iliyokuwa ya sita inagawiwa watano. Wanazidiwa, wanachemka. Lakini namba zake ni nyengine: ikilala utasoma 10 na nusu hivi badala ya 12 na nusu, na kwenye resi hutaona 16. Kwa hiyo ukiona mchemko, mita ndiyo itakayosema ni nani. Juu ya 15 kwenye resi, mtizame rektifaya. Resi ni 14 na kitu na bado inachemka, itizame betri.

Kijana wa Konde
Nimekwenda kwa fundi mwengine Wete na hizi namba. Akaivua rektifaya, akaipima kwa mita kwenye ile alama ya kulia "piii", akageuza waya huku na huku, akasema nzima, upande mmoja inapitisha na upande mwengine inakataa kama inavyotakiwa. Sasa nimsikilize nani?

Fundi Waya
Sote wawili tuko sawa. Alichopima yeye ni kazi ya kwanza, ile ya kugeuza umeme. Hiyo ni nzima, na ndiyo maana betri inapata chaji. Kazi ya pili, ya kukaba, haionekani kwa mita ikiwa rektifaya imevuliwa mezani, kwa sababu inaamka tu ikiona volti 14 na kitu. Mita yake inatoa volti chache tu. Rektifaya aina hii inapimwa ikiwa imefungwa kwenye pikipiki na injini inawaka, basi.

Chumvi Nyingi
Miye ni fundi wa mashine za boti, niko Mkoani. Pikipiki si kazi yangu ila naomba kuingia. Kabla hujatoa hela ya rektifaya, ulitizame ethi yake. Huku kwetu kila waya unaogusa bodi una chumvi, na huyu anabeba samaki wanaotiririsha maji kutwa. Kwenye mashine za boti nishabadilisha vitu vizima, kumbe nati moja ndiyo mgonjwa.

Fundi Waya
Shukran, hilo nilikuwa nakuja nalo na umelisema vizuri zaidi.

Kijana, huyu mdogo mwenye waya nne anapima volti kati ya waya mwekundu na ule wa kijani. Wa kijani ndio ethi. Kama ule wa kijani haugusi vizuri, kuna volti zinapotea hapo njiani, na yeye anaona pungufu ya zile zilizoko kwenye betri. Betri ina 15, yeye anaona 14, anasema "bado", anaongeza. Anakuwa kama mtu anayejaza pipa kwa kusoma alama iliyosogezwa.

Hii inapimika. Mita ibaki `DCV 20`. Waya mweusi kwenye nega ya betri, kichwani hasa. Wa mita mwekundu uuchomeke kwa nyuma ya soketi ya rektifaya, kwenye waya wa kijani, soketi isichomolewe. Washa, vuta resi. Inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.1 ni sawa, 0.2 nitavumilia.

Kijana wa Konde
Nimepima. Inasoma 0.9 kwenye resi. Kwenye sailensa ni 0.3.

Chumvi Nyingi
Nilijua. Chumvi haina dini.

Mkaanga Jongoo
Kwa hiyo rektifaya ni nzima? Tatizo lilikuwa waya tu?

Fundi Waya
Sivyo haraka hivyo. Kinachopotea ni 0.9. Ukikitoa kwenye 16.5 unabaki na 15.6, bado ni juu mno. Ethi ni mgonjwa, lakini haelezi ugonjwa wote. Nadhani ni wawili. Safisha ethi kwanza, ni bure, kisha pima tena.

Kijana wa Konde
Jamani, kwanza samahani. Kabla sijasoma jibu la mwisho nilikuwa nimeshanunua rektifaya Chake Chake, shilingi elfu kumi na nane. Nimeifunga. Matokeo:

Resi: 15.3

Yaani imeshuka lakini bado. Na muuzaji kasema ni mpya haina tatizo.

Bodaboda Mkongwe
Rektifaya za siku hizi nazo ni maganda.

Fundi Waya
Mkongwe, ipo siku utakuwa sahihi kwenye hilo. Leo toa hesabu: 15.3 ukiondoa 0.9 ni 14.4. Rektifaya mpya ni nzima, inaona 14.4 na imeridhika. Anayemdanganya ni ethi. Safisha sasa.

Jambo moja kabla: hebu linganisha rangi za waya wa soketi ya zamani na ya mpya, nafasi kwa nafasi. Soketi hizi zinaingiana hata kama pini zimepangwa tofauti, na nishaona kwa mtu waya mwekundu na mweupe zimebadilishana. Yako inachaji kwa utulivu kwa hiyo nadhani ni sawa, lakini tizama.

Kijana wa Konde
Rangi ni sawa, nimetizama.

Basi leo Ijumaa baada ya sala sikwenda Tumbe. Nimefuata ule waya wa kijani. Unatoka kwenye soketi, unaungana na waya nyengine za kijani, halafu unakuja kwenye kichwa cha mviringo kilichofungwa kwa bolti kwenye fremu, chini ya tangi. Bolti yenyewe ukiitizama kwa juu ni nzima, inang'aa. Nimeifungua: chini ya kile kichwa kuna unga mweupe na wa kijani kama wa shaba iliyooza, na rangi ya fremu ilikuwa haijakwanguliwa hata kidogo tokea kiwandani. Ilikuwa inagusa kwa meno ya bolti tu! Nimepiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, kichwa cha waya nacho, nikafunga, nikapaka grisi juu.

Ethi sasa: 0.05 kwenye resi.
Betri kwenye resi: 14.4. Nimeshika resi dakika nzima, haikutoka hapo. Imegonga dari kama ulivyosema.

Globu sijabadilisha, ile ya nne bado inawaka.

Chumvi Nyingi
Grisi umepaka juu, baada ya kufunga? Vizuri. Kuna wanaopaka katikati, halafu wanashangaa.

Pweza Mkavu
Mimi nilikuwa napaka katikati.

Fundi Waya
Kupaka grisi katikati si msiba ukikaza sana, lakini chuma kwa chuma kwanza.

Kijana, una ile rektifaya ya zamani? Kama hujaitupa, nifanyie jambo moja kwa ajili ya uzi huu. Ifunge tena dakika mbili, ethi ikiwa safi, upime resi.

Kijana wa Konde
Nimeifunga. Resi: 15.9, na inapanda taratibu kadiri inavyopata moto. Nimeizima ilipofika 16.1. Mapezi yalikuwa ya moto hata kugusa ni shida. Nimerudisha mpya.

Fundi Waya
Basi amekufa yeye mwenyewe, si kusingiziwa. Ethi ilimwongezea.

Mkaanga Jongoo
Swali langu: ethi mbovu ndiyo iliyomuua, au alikufa mwenyewe na ethi ilikuwa mbovu tangu zamani?

Chumvi Nyingi
Ethi imemuua. Anafanya kazi kutwa bila kupumzika kwa sababu anaona volti pungufu.

Fundi Waya
Mimi sikubali moja kwa moja. Kukaba ndiko kunakompa joto, na mwenye ethi mbovu anakaba pungufu, si zaidi. Nikitizama alipofungwa, ndani ya kifuniko cha ubavuni karibu na betri inayorusha tindikali, upepo haufiki, nafikiri joto na unyevu vimechangia. Lakini siwezi kuthibitisha, na yule wa kwanza hatujui alifungwa lini.

Chumvi Nyingi
Umeanza kuwa mpole, fundi. Ni ethi.

Kijana wa Konde
Mtajuana. Swali langu ni betri. Nimeiongezea maji ya betri mpaka mstari wa juu, nimeichaji taratibu usiku kwa mashine ya jirani. Imelala usiku mwengine, asubuhi inasoma 12.1. Stata inazungusha lakini kwa uvivu. Nivumilie au?

Fundi Waya
Imekwisha nusu. Kuchemshwa wiki sita kunapukutisha bamba, unga unadondoka chini ya vyumba na haurudi. Na tindikali uliyoongezewa imezidi, kwa hiyo hata kipimo cha maji hakitakuambia kweli. Endesha nayo kwa kiki mpaka upate hela, haitadhuru kitu ilhali resi inasoma 14.4. Siku ukiweka mpya, pima resi siku hiyo hiyo kabla hujaondoka na samaki. Betri chovu kidogo wakati mwengine huficha namba au huzipandisha, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile cha betri nzima.

Na fremu: changanya magadi na maji, miminia pale palipobanduka rangi mpaka lisitoe povu, suuza kwa maji mengi, kausha, paka rangi. Magadi yasiingie ndani ya betri. Angalia pia kile kimpira cha betri cha kupumulia, kishushe kipite chini ya cheni. Kwako nahisi kimekatika au kimebanwa, ndiyo maana cheni ikaota kutu.

Kijana wa Konde
Kimpira hamna kabisa. Pale pana tundu tu.

Bodaboda Mkongwe
Mimi bado nasema betri nzito. Lakini nimeazima mita nikapima yangu: 12.7 imelala, 14.2 kwenye resi.

Pweza Mkavu
Mkongwe kaazima mita! Jamani, andikeni tarehe.

Bi Maalim
Samahani nimechelewa, nilikuwa na mitihani. Nimepima skuta: imelala 12.2, sailensa 12.2, resi 12.3. Mita nimeipa betri mpya kwanza, nimejifunza kwa wenzangu.

Fundi Waya
Maalim, yako haipokei kitu, ile 12.3 ni betri yenyewe tu. Chomoa soketi ya rektifaya uitizame kwa tochi. Kama kuna pini iliyoungua au plastiki iliyoyeyuka, nipigie picha. Kama ni safi, weka mita `ACV 200` kwenye waya unaotoka kwenye koili, soketi ikiwa imechomolewa, washa kwa kiki, uniambie inasoma ngapi ukivuta resi. Usiguse zile pini kwa mkono, hapo volti zinapanda sana.

Bi Maalim
Waya ni wa rangi gani? Yangu ina waya tatu za njano, si mweupe.

Fundi Waya
Tatu za njano? Basi ni koili ya aina nyengine kabisa. Fungua uzi wako, huu umeshajaa samaki.